Kabla ya Kuomba Bei ya Tovuti, Hesabu Kurasa

Shirika moja dogo la kijamii mjini Lamu, lenye ofisi upande wa Langoni, lilituma ombi la kotesheni la ukurasa mmoja na nusu. Lilitaka tovuti mpya "ya kisasa, inayovutia, yenye lugha mbili na rahisi kutumia". Kazi zake ni kupanda mikoko na kulipia basari wanafunzi wa visiwani. Majibu matatu yalirudi: shilingi 45,000, shilingi 180,000 na shilingi 640,000. Kamati ikakaa mbele ya karatasi hizo ikijiuliza nani mwizi na nani mjinga.

Hakukuwa na mwizi wala mjinga. Kila mmoja alikuwa ameuza tovuti yake mwenyewe, ile aliyoiona kichwani aliposoma lile ombi. Wa kwanza aliona kurasa tano na fomu ya mawasiliano. Wa pili aliona kurasa kama ishirini na sehemu ya habari. Wa tatu alisoma neno "basari" akadhani wanafunzi wataomba basari humohumo kwenye tovuti, na wafadhili watachanga kwa M-Pesa humohumo, akaweka bei ya mfumo mzima. Nenda Matondoni umuulize fundi bei ya jahazi, neno lake la kwanza litakuwa kukuuliza ukubwa wake na kazi yake. Tovuti haina mkuku wa kupimwa kwa mkono, na ndiyo sababu watu huomba bei yake bila kipimo chochote.

Tunaoandika haya tumekaa pande zote mbili za meza, tumeomba kotesheni na tumezijaza, na tutaifuata kazi ya shirika hili kwa sababu kosa lake ni la kawaida na marekebisho yake yanahesabika.

Jambo la kwanza lilikuwa kuihesabu tovuti ya zamani. Ikiwa imejengwa kwa WordPress ya toleo la 5.5 la mwaka 2020 au jipya zaidi, orodha ya anwani zake zote huwa tayari imo ndani: fungua anwani ya tovuti, ongeza `/wp-sitemap.xml` mwishoni, na utaona kurasa na habari zimepangwa kwa mafungu. Kama haifunguki, jaribu `/sitemap.xml`. Nakili orodha hiyo kwenye jedwali la hesabu, mstari mmoja kwa kila anwani, na pembeni andika neno moja tu: baki, unganisha, au ondoa.

Hesabu ya shirika ilitoka hivi: kurasa za kudumu 23, habari 112, ripoti za PDF 31, na picha zaidi ya 900 ambazo nyingi zilikuwa nakala za picha zilezile. Afisa wa mawasiliano na mratibu wa miradi walikaa siku mbili wakichuja. Kurasa za kudumu zikashuka hadi 14, kwa sababu miradi mitano iliyokwisha iliunganishwa kuwa ukurasa mmoja na nyingine zilikuwa zikirudia maneno yaleyale. Habari zikabaki 40, maana tangazo la mkutano wa miaka minane iliyopita halina msomaji tena. Ripoti zote 31 zikabaki, kwa kuwa wafadhili hurudi kuzitafuta. Jumla ya vitu vya kuhamisha: 85.

Namba hii 85 ndiyo iliyokosekana kwenye lile ombi la kwanza. Kuhamisha habari moja si kunakili na kubandika tu. Fundi hutoa maandishi, husafisha alama zilizokwama za mfumo wa zamani, hupunguza ukubwa wa picha, huweka tarehe ya asili, hukagua viungo. Ukikadiria dakika ishirini kwa kila habari, habari 40 ni dakika 800, yaani zaidi ya saa kumi na tatu, na hapo hujagusa ripoti wala kurasa. Fundi asiyeambiwa idadi ana njia mbili: kuacha kazi hiyo nje ya bei bila kusema, au kujikinga kwa kuweka bei kubwa. Zote mbili zinamuumiza anayeomba.

Pamoja na kuhamisha huja jambo ambalo wengi huligundua baada ya miezi. Anwani za zamani zimeenea: zimo kwenye ripoti zilizokwisha kuchapishwa, kwenye barua za wafadhili, kwenye matokeo ya Google. Tovuti mpya ikibadilisha mpangilio wa anwani, zote hizo hufunguka kwenye ukurasa wa kosa. Kwa hiyo ombi jipya lilisema: kila anwani ya zamani iliyobaki au kuunganishwa ielekezwe kwenye mpya kwa uelekezaji wa kudumu, namba 301, na mtengenezaji akabidhi jedwali la safu mbili, ya zamani na mpya. Likataja na jaribio: siku ya kukabidhi, anwani kumi zitachaguliwa na ofisi na kupimwa kwa amri hii ya kompyuta.

```
curl -sI https://example.org/2017/ripoti-ya-mikoko
```

Mstari wa kwanza wa jibu uwe na 301, na chini yake kuwe na `location:` yenye anwani mpya. Ukiona 404, kazi haijaisha. Ukiona 302, fundi ameweka uelekezaji wa muda, na huo haufai kwa jambo la kudumu.

Suala la lugha lilihitaji uamuzi wa shirika lenyewe kabla ya kumuuliza mtu bei. "Lugha mbili" ni maneno mawili yenye gharama tatu ndani yake. Kuna kuweka mfumo wa kubadilisha lugha, ambayo ni kazi ya fundi na hufanywa mara moja. Kuna kutafsiri maandishi, ambayo si kazi ya fundi hata kidogo. Na kuna kuingiza kila ukurasa mara mbili. Kurasa 14 kwa lugha mbili ni kurasa 28 za kupanga na kukagua. Ukikadiria maneno 350 kwa ukurasa, ni maneno 4,900 ya kutafsiri, kazi ya mtu anayeijua mikoko na anayejua mtu wa Faza au Kiunga huita nini kila kitu. Shirika liliamua: kurasa 14 zitakuwa kwa Kiswahili na Kiingereza, habari zitakuwa kwa Kiswahili pekee zikiwa na muhtasari wa sentensi mbili za Kiingereza, ripoti zitabaki katika lugha zilizotumika kuziandika. Tafsiri itafanywa na ofisi. Maneno ya vitufe na menyu yatatolewa na ofisi pia, na hili tunalishikilia sana: tumeona tovuti za pwani ambazo ukurasa ni Kiswahili kizuri, lakini kitufe kinasema "Submit" na fomu inalalamika kwa Kiingereza mtu akikosea namba ya simu. Plagini nyingi za lugha, yaani programu za nyongeza, hazitafsiri maneno ya themu yenyewe, yaani ya kiolezo cha muonekano, mpaka mtu ayatafute moja moja. Lazima jambo hili liandikwe kwenye ombi.

Basari nayo ilipata mstari wake: tovuti itaeleza masharti na kutoa fomu ya kuchapisha, haitapokea maombi. Sababu haikuwa bei peke yake. Fomu ya maombi hukusanya majina ya watoto, shule na hali za familia zao, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulikia data ya mtoto. Ofisi isiyo na mtu wa kusimamia jambo hilo ni heri ibaki na fomu za karatasi. Michango ikafuata njia hiyohiyo: namba ya Paybill iandikwe wazi kwenye ukurasa, bila kuunganisha mfumo. Kuonyesha namba ni dakika chache. Kuunganisha ombi la malipo linalojitokeza kwenye simu ya mchangiaji ni programu ya kuandikwa, kujaribiwa na kuombewa kibali cha kwenda hewani, na mwenye akaunti ndiye anayepaswa kuanzisha maombi hayo, si fundi. Kwa shirika linalopokea michango michache kwa mwezi, hatuoni haja.

Sasa domeini na baruapepe. Hapa ndipo tungeomba kila shirika lisimame kwa muda mrefu zaidi, maana hasara yake hairekebishwi kwa urahisi.

Majina yanayoishia `.or.ke` ni ya mashirika yasiyo ya kibiashara, yako chini ya KeNIC, msimamizi wa majina ya `.ke`, na husajiliwa kupitia wauzaji wenye leseni. Swali la kuuliza kabla ya kutuma ombi lolote ni hili: taarifa ya kulipia domeini kila mwaka huingia kwenye baruapepe ya nani? Kama hakuna mtu ofisini aliyewahi kuiona, basi inaingia kwa fundi wa zamani, na kuna uwezekano mkubwa kwamba akaunti kwa muuzaji ni yake. Hakuna ubaya uliokusudiwa hapo, mara nyingi alisajili kwa haraka ili kazi ianze. Lakini siku akihamia mji mwingine au akibadilisha namba, jina la shirika linabaki mikononi mwake. Lirudishwe kwanza, kwa utulivu, huku uhusiano ukiwa bado mzuri, kisha ndipo ombi la kotesheni litoke. Fundi wa zamani akishajua kazi imepewa mwingine, barua zako hujibiwa polepole. Na ndani ya ombi iandikwe: domeini, hostingi na kila leseni ya plagini vitasajiliwa kwa jina la shirika na kwa baruapepe ya ofisi, na mtengenezaji atapewa ruhusa ya kuingia tu.

Baruapepe hufa siku ya kuhama, na hufa kimya. Kinachotokea ni hiki. Jina la shirika lina rekodi kadhaa: rekodi ya A inaonyesha tovuti iko seva gani, rekodi za MX zinaonyesha barua zipelekwe wapi. Fundi mpya akiambiwa "hamisha tovuti", njia nyepesi kwake ni kubadilisha seva za majina, yaani zile zinazohifadhi rekodi hizo zote, zielekee kwenye hostingi yake. Tovuti hufunguka vizuri na kila mtu hufurahi. Lakini kule kwenye hostingi mpya hakuna aliyenakili rekodi za MX, hivyo barua za wafadhili huanza kurudi kwa waliozituma, au, vibaya zaidi, huangukia kwenye sanduku tupu ambalo hostingi mpya imelifungua yenyewe na hakuna anayejua lipo. Ofisini mtu huona tu kwamba siku hizi barua zimepungua. Kabla ya kuhama, rekodi zilizopo zichukuliwe kwa amri hizi na kuhifadhiwa:

```
dig +short NS example.org
dig +short MX example.org
dig +short TXT example.org
```

Ombi la shirika likaandika kwamba siku ya kuhama itabadilishwa rekodi ya tovuti pekee, na kama seva za majina lazima zibadilike, rekodi zote zitanakiliwa kwanza na kulinganishwa. Jaribio lake ni rahisi: tuma barua kutoka akaunti ya nje, isiyo ya ofisi, siku hiyo na siku inayofuata, uone inafika wapi. Barua ya ndani kwa ndani haithibitishi kitu.

Maneno "ya kisasa" na "ya haraka" yalifutwa yote, yakawekwa yanayopimika. Wasomaji wengi wa tovuti hii hutumia simu na bando la siku, na wengine wako sehemu za Lamu Mashariki ambako mtandao unakuja na kuondoka. Ombi likataka ukurasa wa mwanzo uwe na uzito usiozidi megabaiti moja, na picha yoyote isizidi kilobaiti 200. Likataka pia kurasa tatu zilizotajwa zipimwe kwa PageSpeed Insights upande wa simu, na kipimo kinachoandikwa LCP, yaani muda wa kitu kikubwa zaidi cha ukurasa kuonekana, kisizidi sekunde 2.5, ambacho ndicho kiwango ambacho Google wenyewe hukiita kizuri. Kipimo hicho hucheza kidogo kila ukipima, kwa hiyo iandikwe kwamba kitapimwa mara tatu na kuchukuliwa cha katikati. Ukikosa kuandika hilo, mtabishana siku ya malipo. Mstari huu mmoja ndio ulioondoa picha tano zinazopishana juu ya ukurasa wa mwanzo, pambo ambalo mafundi wengi hulipenda na ambalo humaliza bando la mtu kabla hajafikia namba ya simu ya ofisi.

Mwisho wa ombi liliwekwa jedwali la bei lenye mistari saba, na kila fundi alitakiwa kujaza mistari yote: muonekano, ujenzi, kuhamisha vitu 85, mfumo wa lugha, mafunzo ya siku moja kwa watu watatu, hostingi kwa mwaka, matunzo kwa mwaka. Asiyetoza kitu aandike sifuri, asiyetoa huduma aandike "haimo". Chini yake maswali mawili: je, bei ina ushuru wa ziada ya thamani wa asilimia 16 ndani yake, na je, umesajiliwa kwa ushuru huo? Tukashauri pia kutaja kiwango cha bajeti. Wapo wanaoficha wakidhani watapata nafuu. Sisi tunaona kuficha huleta makisio, na makisio ndiyo yaliyozaa 45,000 na 640,000.

Mafundi walipewa siku kumi za kazi za kujibu. Siku nne za mwanzo zilikuwa za maswali kwa maandishi, na kila jibu lilitumwa kwa wote bila kumtaja aliyeuliza. Maswali yenyewe ni kipimo kizuri: anayeuliza ripoti za PDF zina uzito gani amesoma ombi, asiyeuliza kitu na kujibu siku ya pili amebandika bei aliyokuwa nayo.

Majibu yaliporudi, kutoka kwa walewale watatu, yalikuwa haya. Wa kwanza: shilingi 90,000 kwa ujenzi, lakini kuhamisha ni shilingi 500 kwa kila kitu, na matunzo pamoja na hostingi ni 6,000 kwa mwezi. Wa pili: shilingi 230,000 na kuhamisha kumo, hostingi 12,000 na matunzo 24,000 kwa mwaka. Wa tatu: 310,000, hostingi na matunzo 60,000 kwa mwaka, ushuru umo ndani.

Kwa jicho la haraka wa kwanza ni chini ya nusu ya wa pili. Hesabu ya miaka mitatu inasema mengine. Wa kwanza ni 90,000, ongeza 42,500 ya vitu 85, ongeza 216,000 ya miezi 36, jumla 348,500. Wa pili ni 230,000 na 108,000 ya miaka mitatu, jumla 338,000. Kwa hiyo wa pili ndiye nafuu, mpaka uone mstari wa chini: bei yake haina ushuru ndani, na amesajiliwa. Asilimia 16 ya 338,000 ni 54,080, na shirika lisilosajiliwa kwa ushuru huo haliwezi kuudai urudishwe. Amefika 392,080. Wa kwanza hajasajiliwa, kwa hiyo haruhusiwi kutoza. Wa tatu ni 490,000 na hakuna kinachoongezeka.

Tofauti ya wa kwanza na wa pili ikawa 43,580 kwa miaka mitatu, na hapo kamati ikaweza kuzungumzia kazi badala ya bei. Wa kwanza alikuwa ameandika "haimo" kwenye mafunzo, na matunzo yake ya kila mwezi hayakusema yanajumuisha nini. Wa pili alieleza: kusasisha mfumo na plagini kila mwezi, nakala ya akiba kila wiki ikihifadhiwa nje ya seva ya tovuti, na kujaribu kuirudisha nakala hiyo mara moja kwa mwaka. Nakala ambayo haijawahi kurudishwa hujui kama inafanya kazi. Kamati ilimchukua wa pili.

Malipo yaligawanywa asilimia 30 baada ya kutia saini, 30 muonekano ukikubaliwa, 30 tovuti ikiwa hewani na majaribio yote yakipita, na 10 siku thelathini baadaye. Kifungu kimoja kiliwabana wenye shirika wenyewe: maandishi ya kurasa 14 yatafika kwa fundi ndani ya wiki tatu, na kila wiki ya kuchelewa inasogeza tarehe ya mwisho kwa wiki moja. Kazi nyingi za tovuti za mashirika hukwama hapa. Fundi amemaliza, kurasa ziko tupu, na ofisi inangoja ujumbe wa mwenyekiti. Shirika likaweka jina la mtu mmoja ofisini mwenye jukumu la kukusanya maandishi, na mmoja tu mwenye idhini ya kusema muonekano umekubaliwa, kwa sababu wajumbe saba wakituma maoni kila mmoja kwa wakati wake, rangi ya menyu hubadilishwa mara tano na fundi ana haki ya kudai nyongeza.

Asilimia 10 za mwisho zilitolewa baada ya mambo matatu kuonekana kwa macho: afisa wa mawasiliano alichapisha habari mwenyewe, na picha, bila kupiga simu; barua iliyotumwa kupitia fomu ya tovuti ilifika kwenye sanduku la kawaida na si kwenye taka; na taarifa ya malipo ya domeini ya mwaka unaofuata ilionekana kwenye akaunti ya ofisi. La pili lilishindikana mara ya kwanza. Fomu ilikuwa ikituma moja kwa moja kutoka seva ya tovuti, ambayo haikutajwa kwenye rekodi ya SPF ya shirika, ile inayoorodhesha seva zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina lake, kwa hiyo barua zilionekana kama za mtu anayejifanya shirika. Fundi aliibadilisha itume kupitia akaunti ya baruapepe ya ofisi kwa SMTP, kazi ya nusu saa, na jaribio likapita siku iliyofuata.